Friji yangu baada ya mwaka: namna ya kuandika tathmini upya bila kufuta uliyoyasema mwanzo

Shemeji yangu wa Mbagala alinunua friji kwa sababu ya maandishi yangu. Juni 2024 nilinunua friji ya milango miwili, lita 210, Kariakoo, na baada ya mwezi mmoja nikaandika kurasa mbili za tathmini, nikawatumia ndugu na marafiki. Humo niliandika kwamba "inakula chini ya uniti moja kwa siku". Miezi kumi baadaye shemeji akanipigia simu: "Shemeji, hiyo uniti moja uliyoandika inapatikana Tabata peke yake?"

Nilichotaka kufanya pale pale ni kufungua faili, kufuta ile namba na kuweka nyingine. Ningefanya hivyo ningemdhulumu mara mbili. Asingejua alichokisoma wakati ananunua, wala asingejua kama friji ndiyo iliyochoka au mimi ndiye niliyekosea kupima. Mwongozo huu ni wa kazi niliyoifanya badala yake, Julai 2025. Nitaufuata mfano huo wa friji mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kwenye friji karibu kila kosa la tathmini ya muda mrefu hujitokeza.

Kabla ya kusoma ulichoandika, andika unachokiona leo

Hifadhi kwanza nakala ya tathmini ya zamani jinsi ilivyo, kwenye faili lenye tarehe katika jina. Yangu inaitwa `friji-2024-07-14`. Hiyo haiguswi tena, hata kama ina neno lililokosewa herufi.

Halafu usiifungue. Kaa na karatasi tupu nusu saa, andika unavyokiona chombo leo: kinachokufurahisha, kinachokukera, ulichozoea hadi umeacha kukiona. Ukianza kwa kusoma maneno yako ya zamani, utajikuta unaitikia "ndiyo, bado" kila mstari, maana ni rahisi kukubaliana na nafsi yako. Mimi niliandika mambo saba. Nilipokuja kulinganisha, matatu hayakuwamo kabisa kwenye tathmini ya kwanza: kutu kwenye skrubu za bawaba ya chini, trei ya mboga iliyopasuka pembeni, na harufu ya ukungu kwenye mpira wa mlango. Moja nililolisifu sana mwaka 2024, taa ya ndani, sikuligusa hata kwa neno moja mwaka 2025. Ukimya wa namna hiyo nao ni habari.

Sasa fungua ya zamani na kalamu mkononi. Pigia mstari kila sentensi inayodai jambo linaloweza kupimwa au kuonwa na mtu mwingine. Kwangu zilikuwa tano: uniti kwa siku, baridi ya ndani, mlango kufunga vizuri, kelele, na kushika baridi umeme ukikatika. Mengine yalikuwa ladha yangu, kama rangi na umbo la mshikio, na hayo hayahitaji kupimwa upya.

Pima kabla hujasafisha

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Mtu akijua atapima friji, anaanza kuifuta, kuivuta kutoka ukutani, kuyeyusha barafu, kisha ndipo anapima. Atakachokipima si friji aliyoishi nayo mwaka mzima. Pima kwanza jinsi ulivyoikuta, andika, ndipo usafishe na upime tena. Namba mbili hizo zikikaa pamoja zinamwambia msomaji kiasi gani cha uchovu ni cha chombo na kiasi gani ni cha mwenye nyumba.

Jambo la pili ni majira. Friji hufanya kazi ya kutoa joto ndani na kulimwaga jikoni, na jiko likiwa la moto kompresa hukaa muda mrefu zaidi ikinguruma. Dar ya Julai na Dar ya Februari ni nchi mbili. Ukilinganisha namba ya Julai na ya Februari utailaumu friji kwa kosa la jua. Ndiyo sababu mwaka mmoja kamili unafaa kuliko miezi minane: unarudi kwenye hali ya hewa ileile.

Mimi nilikuwa na bahati. Kipimo changu cha kwanza nilikipata Sabasaba ya 2024, tulipokwenda Bagamoyo kulala kwa ndugu. Nilizima kila kitu ndani isipokuwa soketi ya friji, nikasoma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU: 41.30. Tuliporudi baada ya saa 26 zilikuwa 40.40. Zimeliwa 0.90, yaani 0.83 kwa saa 24. Sabasaba ya 2025 tukaenda tena Bagamoyo, nikafanya vilevile, thamostati ikiwa palepale kwenye namba 3. Zililiwa 1.12 kwa saa 24 kamili.

Ukipima kwa njia hii, hakikisha umeme haukukatika ukiwa safarini. Saa nne za giza zitafanya friji ionekane mchapakazi asiyekula. Mimi nilimwomba jirani anitumie ujumbe kama ukikatika, na haukukatika mara zote mbili. Saa ya ukutani inayotumia umeme, ile inayorudi sifuri na kuanza kumetameta, nayo ni shahidi mzuri.

Baridi ya ndani hupimwa kwa glasi ya maji, kwa sababu hewa hubadilika kila mlango unapofunguliwa. Weka glasi shelfu ya katikati jioni, tumbukiza kipimajoto, soma alfajiri kabla mtu yeyote hajafungua kutafuta maziwa. Mwaka 2024 yalikuwa nyuzi 3.8. Mwaka 2025 yalikuwa 5.9, na hiyo imeshapita mpaka: chakula hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 5 au chini yake, vizuri zaidi 4.

Uniti zimepanda na baridi imepungua kwa wakati mmoja. Namba hizo mbili zikienda pamoja hivyo, angalia mpira wa mlango kabla hujamwita fundi wa gesi. Funga mlango juu ya noti ya shilingi elfu moja, kisha ivute. Inapaswa kung'ang'ania kidogo. Zungusha kipimo hicho pande zote nne. Kwangu ilitoka bila ubishi kwenye pembe ya chini upande wa bawaba. Usiku nikaweka simu ndani ikiwa imewashwa tochi, nikazima taa za jikoni: mstari mwembamba wa mwanga ulionekana palepale.

Niliuosha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikautoa ukungu kwenye mikunjo kwa mswaki wa zamani, kisha pembe iliyobonyea nikaikanda kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto hadi ikarudi umbo lake. Siku hiyohiyo niliivuta friji kutoka ukutani na kupiga brashi vumbi kwenye waya za nyuma, nikaiacha ikiwa na nafasi ya upana wa kiganja. Wikiendi iliyofuata tulilala kwa mama mkwe, nikapima tena: 0.91 kwa saa 24. Glasi ya maji ilisoma nyuzi 4.3.

Kosa langu ni kwamba mpira na vumbi nilivishughulikia siku moja. Kwa hiyo siwezi kumwambia msomaji ni kipi kilichookoa uniti. Ukitaka kujua, fanya kimoja, pima, ndipo ufanye cha pili. Mimi niliandika kwenye tathmini kwamba nilivifanya kwa pamoja, basi.

Kila badiliko lina fungu lake

Sasa unazo namba za zamani na mpya. Kabla ya kuandika neno lolote jipya, gawa kila tofauti kwenye fungu moja kati ya matatu: chombo kimebadilika, matumizi yamebadilika, au nilikosea tangu mwanzo. Kazi ngumu iko hapa, kwa sababu fungu la tatu linauma na mkono unapenda kuyahamishia mambo yake kwenye fungu la kwanza.

Fungu la kwanza lilikuwa rahisi. Mpira ulilegea, bawaba imeshika kutu (hewa yetu ina chumvi, hata Tabata inafika), trei imepasuka. Hayo hayakuwepo 2024, na sentensi ya zamani iliyosema mlango "unafunga kama sefu" ilikuwa kweli siku ile.

Fungu la pili lilinichukua muda kuliona. Mwezi Novemba mama watoto alianza kuuza barafu za ubuyu, na friza ambayo mwaka 2024 ilikuwa na samaki wawili na mfuko wa njegere sasa inagandisha kama lita tano kila siku. Maji ya bombani yenye joto la Dar hayawi barafu bure. Nilichomeka kimita kidogo cha soketi, kile unachokiweka kati ya plagi na ukuta, nikaomba wiki moja bila barafu. Nilipewa, kwa masharti ambayo hayahusiani na tathmini hii. Wiki hiyo, nyumba ikiwa na watu watano na mlango ukifunguliwa kama kawaida, friji ilikula uniti 8.4, yaani 1.2 kwa siku. Wiki iliyofuata, barafu zikiwa zimerudi, ilikula 11.2, yaani 1.6 kwa siku. Hizo 0.4 za juu si uchovu wa friji. Ni biashara.

Na hapo fungu la tatu likajifungua lenyewe. Itazame ile 0.83 ya mwaka 2024. Namba ni sahihi, nilisoma mita vizuri. Lakini niliipima nyumba ikiwa tupu, mlango haujafunguliwa hata mara moja kwa saa 26, kisha nikaandika "kwa siku" kana kwamba ni siku ya watu kuishi. Hakuna familia inayokaa na friji bila kuifungua. Shemeji yangu ana watoto wanne na kiangazi cha Mbagala, na nilimwahidi matumizi ya nyumba isiyo na mtu. Friji haikubadilika hapo hata kidogo. Niliyekosea ni mimi.

Kuna jambo la nne ambalo halikuingia popote: kelele. Mwaka 2024 niliandika "haisikiki". Mwaka 2025 naisikia usiku. Je, kompresa imeanza kunguruma, au mwaka ule masikio yangu yalikuwa bado yanailinganisha na friji ya zamani iliyotetema kama daladala ya Gongo la Mboto? Sikurekodi sauti mwanzoni, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Nimeliacha likiwa hisia dhidi ya hisia, na nimeliita hivyo. Ukinunua chombo leo, rekodi sekunde thelathini za sauti yake simu ikiwa mahali unapokumbuka. Baada ya mwaka utanishukuru.

Kuweka alama

Kanuni yangu ni kwamba sentensi ya zamani inabaki ilipokuwa, ikiwa na mstari katikati kama ilikuwa kosa tangu mwanzo, na mara baada yake inafuata mpya yenye tarehe na sababu. Sababu inataja fungu. Msomaji asiachwe akikisia.

Kwenye ukurasa wa `HTML` kuna alama zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, moja ya kilichoondolewa na nyingine ya kilichoongezwa, na zote zinabeba tarehe:

```html
<p>ZAMANI (Julai 2024):
<del datetime="2025-07-28">Inakula chini ya uniti moja kwa siku.</del></p>
<p>SASA (Julai 2025):
<ins datetime="2025-07-28">Nilikosea. Hiyo ni nyumba tupu.
Ikiwa na watu watano ni 1.2 kwa siku.</ins></p>
```

Kwenye WhatsApp mstari wa kukata unapatikana kwa kuweka maneno kati ya alama mbili hizi: `~maneno~`. Kwenye karatasi kalamu na rula zinatosha.

Lakini usiutegemee mstari peke yake. Mtu akinakili maandishi yako na kuyabandika kwingine, mara nyingi mstari hupotea na maneno hubaki. Ile "chini ya uniti moja" uliyoikata itasafiri ikiwa nzima, kama vile unaisema leo. Na anayesomewa maandishi na simu kwa sababu haoni, mara nyingi haambiwi kwamba maneno yamekatwa. Ndiyo maana nimeandika ZAMANI na SASA kwa herufi, zikiwa na mwezi na mwaka. Rangi nyekundu na kijani nazo niliziacha. Zikichapwa kwa wino mweusi hazisemi kitu.

Tofauti ya mafungu inaonekana kwenye namna ya kukata. Kosa langu linakatwa. Kilichokuwa kweli na sasa si kweli hakikatwi, kinaongezewa tu. Mlango wangu unasomeka hivi:

ZAMANI (Julai 2024): Mlango unafunga kama sefu.
SASA (Julai 2025): Mpira ulilegea pembe ya chini upande wa bawaba. Baridi ilifika nyuzi 5.9. Baada ya kuusafisha na kuukanda kwa maji ya moto imerudi 4.3. Chombo kimebadilika.

Ile ya kwanza sikuikata kwa sababu anayefikiria kununua friji mpya anahitaji kujua ikiwa mpya inakuwaje.

Usifanye hivi kwa kila neno. Nilijaribu mara ya kwanza, ukurasa ukawa kama daftari la mtoto lililosahihishwa na mwalimu mwenye hasira. Alama zinastahili sentensi zinazoweza kumbadilishia mtu uamuzi wa kununua. Kwangu zilibaki nne. Makosa ya herufi niliyaacha yalivyo.

Yale usiyoyapima tena yaandike pia. Mwaka 2024 nilisema friji inashika baridi saa sita umeme ukikatika. Sikurudia kipimo hicho kwa sababu friza ilikuwa imejaa mali ya watu. Chini yake nimeweka "SASA: sijapima tena", maana bila hivyo msomaji angedhani nimeithibitisha.

Alama za jumla na bei

Mwaka 2024 niliipa 9 kwa 10. Sasa naipa 7. Zote mbili ziko juu ya ukurasa, kila moja na tarehe yake. Usitafute wastani. Nane haikuwa maoni yangu siku yoyote. Chini ya ile 7 nimeandika kwamba nukta moja imeondoka kwa sababu ya mpira uliolegea ndani ya mwaka, na nyingine ilikuwa zawadi ya uchanga, ile furaha ya kitu kipya jikoni.

Bei iache kama ulivyolipa, na mwezi uliolipa. Bei ya leo ni ya kuongezwa kando, ikiwa umeuliza mwenyewe dukani. Hapo pia soma kibandiko cha nyuma: namba ya modeli, lita, aina ya gesi. Nilipopita dukani niliona friji yenye umbo lilelile na mshikio uleule, lakini namba ya modeli ilikuwa na herufi moja zaidi mwishoni. Inaweza kuwa na kompresa nyingine kabisa. Kwa hiyo juu ya tathmini nimeandika namba kamili ya yangu, na kwamba friji zinazouzwa sasa sikuzipima.

Juu kabisa, kabla ya maandishi ya mwaka 2024, kuna sentensi tano kwa ajili ya mwenye haraka. Niliziandika mwisho:

"Niliandika tathmini hii Julai 2024, nimeirudia Julai 2025. Namba ya uniti niliyotoa mwanzo ilikuwa ya nyumba tupu, kosa langu. Mpira wa mlango ulilegea, ukarekebishika bila fundi. Nyumba yangu sasa inagandisha barafu za kuuza, kwa hiyo usichukue 1.6 kama yako. Ya zamani yote yako chini, hayajafutwa."

Nikamtumia shemeji kwanza kuliko wote. Alisoma, akavuta mlango wa friji yake juu ya noti, akanijibu kwa sauti kwamba kwake noti inang'ang'ania pande zote, kwa hiyo mpira ni mzima na aliyedanganya ni mimi peke yangu. Yeye amechomeka kimita chake sasa. Februari tutapima wote wawili, na kwenye tathmini tayari nimeacha mstari mtupu wenye jina la mwezi huo.